Kutoka jedwali la hojaji hadi slaidi: jinsi ya kuchagua chati isiyokuumbua mbele ya jopo

Ukimaliza kuchambua hojaji za mradi wa kozi, hubaki na majedwali kumi na tano au ishirini, na dakika kama kumi za kuyaeleza. Wengi hufungua Excel, wakateua jedwali zima, wakabonyeza chati ya kwanza inayopendekezwa, kisha wakaenda kwa jedwali linalofuata. Chati zinazotoka hivyo hupendeza kwa macho. Shida huanza mmoja wa jopo akiuliza, "Hiyo asilimia 35 ni ya watu au ni ya majibu?" Hajauliza rangi wala umbo. Ameuliza asilimia yako umeigawanya kwa nini, na jibu la swali hilo ndilo huchagua chati.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue mradi mmoja. Kundi la wanafunzi wa diploma mjini Kisumu limewahoji wauza samaki 120: sabini katika Soko la Kibuye na hamsini katika Soko la Jubilee. Wameuliza samaki hutoka wapi, huhifadhiwa vipi, faida ya siku ni kiasi gani, na muuzaji anaonaje huduma za soko. Takwimu zote nitakazotumia nimezitunga ili hesabu zifuatike, kwa hivyo usizinukuu kama hali halisi ya masoko hayo.

Hatua ya kwanza: andika msingi chini ya kila jedwali

Kabla ya chati yoyote, pitia majedwali yako moja moja na chini ya kila moja uandike mambo mawili. La kwanza: je, mhojiwa aliruhusiwa jibu moja au majibu mengi? La pili: asilimia zimegawanywa kwa idadi gani? Idadi hiyo ndiyo nitakayoiita msingi.

Kazi hii ni ya nusu saa tu, na ndipo makosa mengi hunaswa. Chukua swali la samaki hutoka wapi. Wauzaji 51 walisema huletewa na mawakala, 36 hununua ufuoni wenyewe, 22 huchukua kwa wafugaji wa vizimba, na 7 huuza samaki waliogandishwa kutoka nje ya nchi. Ukijumlisha unapata 116, kwa sababu wanne hawakujibu. Jedwali la SPSS litakupa safu ya `Percent` yenye 42.5 kwa mawakala, na kando yake `Valid Percent` yenye 44.0. Zote mbili ni sahihi, ila ya kwanza imegawanywa kwa 120 na ya pili kwa 116. Kwa slaidi, mimi huchukua ya pili na kuandika chini ya chati "Waliojibu: 116 kati ya 120". Lisilofaa ni kuchanganya: slaidi moja inatumia hii, inayofuata inatumia ile, na hakuna palipoandikwa.

Safu ya `Cumulative Percent` iache kwenye ripoti. Kwa swali kama hili haina maana yoyote, kwa kuwa mawakala na ufuo havina mpangilio wa kuanzia chini kwenda juu.

Hatua ya pili: jibu moja kwa kila mtu

Jedwali hilo la asili ya samaki ni rahisi. Kila mtu yuko mahali pamoja, asilimia zinafika 100, na makundi ni manne. Hapa pai inakubalika. Sisemi inapendeza kuliko zote, nasema haidanganyi. Hata hivyo pau za kulala ni bora zaidi, na sababu inajulikana. Mwaka 1984, William Cleveland na Robert McGill walichapisha majaribio yaliyoonyesha kuwa watu hulinganisha urefu wa vitu vilivyoanzia mstari mmoja kwa usahihi mkubwa kuliko wanavyolinganisha pembe. Kwenye pai yoyote, vipande vya asilimia 31 na asilimia 26 vinafanana mno ukivitazama kutoka kiti cha nyuma. Kwenye pau, tofauti inaonekana bila kusoma nambari.

Nasema pau za kulala kwa sababu majibu ya hojaji huwa marefu. "Samaki waliogandishwa kutoka nje" hayatoshi chini ya pau iliyosimama. Excel itayainamisha na watazamaji watainamisha shingo. Teua jedwali, nenda `Insert`, chagua `Clustered Bar`. Utaona mstari wa kwanza wa jedwali umetokea chini kabisa ya chati. Bonyeza mara mbili mhimili wenye majina na utie alama kwenye `Categories in reverse order`. Jedwali lenyewe lipange kuanzia jibu lenye watu wengi hadi lenye wachache, na "Nyingine" ibaki mwisho hata kama si ndogo kuliko zote.

Kuna mtego mmoja hapa. Thamani zikikaribiana sana, Excel hujichagulia mahali pa kuanzia mhimili, na si lazima paanzie sifuri. Pau ya 52 inaweza kuonekana ndefu maradufu ya pau ya 48. Fungua `Format Axis`, weka `Minimum` iwe 0. Kwa pau hakuna mjadala juu ya hili, maana jicho linasoma urefu wote wa pau.

Hatua ya tatu: majibu mengi kwa mtu mmoja

Hapa ndipo miradi mingi hukwama, kwa hivyo tutakaa kidogo.

Swali lilikuwa "Wewe huhifadhi samaki wako vipi? Chagua yote yanayokuhusu." Waliokaanga ni 78, wanaotumia barafu 62, wanaokausha juani 45, wanaotumia moshi 30, na wasiohifadhi kabisa ni 9. Jumla ya majibu ni 224 ingawa watu ni 120, kwa sababu mama mmoja anaweza kuweka mbuta kwenye barafu asubuhi na jioni akakaanga waliobaki.

SPSS, ukitumia `Multiple Response`, hukupa safu mbili za asilimia. `Percent` inagawanya kwa majibu 224, na `Percent of Cases` inagawanya kwa watu. Wanaokaanga ni asilimia 35 kwa safu ya kwanza na asilimia 65 kwa ya pili. Msikilizaji anataka kujua ni wauzaji wangapi hukaanga, basi jibu ni 65. Ile 35 ina maana tu kwa anayehesabu majibu, na katika mradi wa kozi huwa simwoni mtu huyo.

Sasa tazama linalotokea ukichora pai. Unaweka 65, 52, 38, 25 na 8. Excel haikatai, wala haikuonyi kuwa jumla imepita 100. Hujumlisha zote, ikaufanya huo mjumuisho kuwa duara nzima, kisha ukiomba lebo za `Percentage` inaandika 35% kwenye kipande cha wanaokaanga. Umeingiza nambari sahihi na slaidi imetoa isiyo sahihi, na wewe hujagusa kitu. Ukiona lebo za pai hazifanani na jedwali lako, sababu ndiyo hiyo.

Kwa hivyo, swali la "chagua yote" halichorwi pai wala pau moja iliyogawanywa vipande. Lichore kwa pau za kulala, kila jibu na pau yake, na chini uandike "Mhojiwa aliweza kuchagua zaidi ya jibu moja, ndiyo maana asilimia hazijumlishwi kuwa 100. Waliohojiwa: 120." Ukiandika sentensi hiyo, swali la jopo limejibiwa kabla halijaulizwa.

Kama hukutumia SPSS, hesabu si ngumu. KoboToolbox hukutolea safu moja kwa kila chaguo, ikiwa na 1 kwa aliyechagua na 0 kwa asiyechagua. Jumlisha safu, gawanya kwa idadi ya watu:

```
=SUM(F2:F121)/COUNT(F2:F121)
```

Google Forms yenyewe huweka majibu yote ya mtu katika seli moja, yakitenganishwa kwa koma. Hapo tafuta neno ndani ya seli:

```
=COUNTIF(D2:D121,"*Barafu*")/COUNTA(D2:D121)
```

Angalia maneno yako vizuri. Kama chaguo moja liliandikwa "Kukausha" na jingine "Kukausha kwa moshi", fomula ya la kwanza itahesabu pia watu wa la pili. Tafuta neno lililo katika chaguo moja tu, kama "moshi" na "juani".

Hatua ya nne: majibu yenye mpangilio

Faida ya siku iliulizwa kwa makundi: chini ya shilingi 300, 300 hadi 599, 600 hadi 999, 1000 hadi 1999, na 2000 kwenda juu. Hapa usipange kwa ukubwa wa pau. Mpangilio ni wa shilingi, na ukiuvuruga msikilizaji hawezi kuona umbo la mapato. Tumia pau zilizosimama, `Clustered Column`, kwa kuwa lebo ni fupi na macho yamezoea fedha kupanda kuelekea kulia.

Lakini tazama upana wa makundi. Kundi la pili lina shilingi 300, la nne lina shilingi 1000. Pau ya kundi la nne ikiwa ndefu, huenda ni kwa sababu kundi hilo limepewa nafasi pana ya kukusanya watu. Usiseme "wauzaji wengi hupata zaidi ya elfu moja" kabla hujaliangalia hilo. Makundi ya hojaji huwezi kuyabadilisha baada ya kuhoji, ila unaweza kuunganisha mawili jirani ili upana ukaribiane, ukatangaza kwamba umeunganisha.

Grafu ya mstari nayo iache hadi uwe na data inayofuata muda. Kama mngekuwa na bei ya debe la omena mwezi kwa mwezi, mstari ungefaa sana, na ungetia alama kwenye miezi ya Aprili hadi Julai ambayo uvuvi wa omena hufungwa katika ziwa upande wa Kenya. Kuunganisha Kibuye na Jubilee kwa mstari hakuna maana. Kati ya masoko mawili hakuna thamani ya katikati ambayo mstari huo unapitia.

Hatua ya tano: kulinganisha makundi mawili

Mwalimu msimamizi karibu kila mara atauliza, "Je, kuna tofauti kati ya masoko?" Hapo unaenda kwenye jedwali mtambuka. Wanaotumia barafu Kibuye ni 42, Jubilee ni 20.

Ukichora 42 na 20, Kibuye inaonekana kuizidi Jubilee zaidi ya mara mbili. Sehemu ya pengo hilo mmelitengeneza wenyewe kwa kuhoji watu sabini huku na hamsini kule. Gawanya kila soko kwa watu wake: 42 kwa 70 ni asilimia 60, 20 kwa 50 ni asilimia 40. Tofauti bado ipo, lakini sasa ni ya masoko, si ya idadi ya hojaji mlizochapisha.

Kuna njia ya tatu ya kugawanya, nayo huwapotosha wengi kwa sababu SPSS huitoa bila kulalamika. Ukigawanya 42 kwa watumiaji wote wa barafu, ambao ni 62, unapata asilimia 68. Sentensi yake ni "asilimia 68 ya wanaotumia barafu wako Kibuye". Hiyo inajibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Ili usipotee, tamka sentensi kwa sauti: "Kati ya wauzaji wa Kibuye, asilimia sitini hutumia barafu." Kinachofuata maneno "kati ya" ndicho msingi. Kwenye `Crosstabs`, bonyeza `Cells` na uchague asilimia za upande ule ulio na masoko: `Row` kama masoko yako kwenye mistari, `Column` kama yako kwenye safu wima.

Chati yake ni pau za jozi: kwa kila njia ya kuhifadhi, pau ya Kibuye na pau ya Jubilee zikae bega kwa bega. Ukiona Excel imefanya kinyume, yaani imeweka njia zote za Kibuye pamoja kisha zote za Jubilee, bonyeza `Switch Row/Column`. Vinavyolinganishwa ndivyo vinavyokaa jirani.

Na usikimbilie kutangaza tofauti. Katika watu hamsini, mtu mmoja ni asilimia mbili. Kama Kibuye ni asilimia 24 na Jubilee ni asilimia 28, hao ni wauzaji wawili tu waliobadilisha mawazo. Kundi likiwa chini ya watu thelathini hivi, mimi huandika idadi yenyewe, "7 kati ya 18", na asilimia naziacha.

Hatua ya sita: nakubali, nakataa

Maswali ya Likert ndiyo yanayojaza majedwali mengi kuliko mengine, na desturi ya vyuo vyetu ni kuyafupisha kwa wastani na mkengeuko sanifu. Kwa ripoti sawa. Kwa slaidi, wastani unaficha jambo lenyewe.

Tazama sentensi mbili. Kwa "Barafu hupatikana ninapoihitaji", 34 walikataa kabisa, 38 walikataa, 12 hawakuwa na msimamo, 26 walikubali na 10 walikubali kabisa. Kwa "Ushuru wa soko ni wa haki", 12 walikataa kabisa, 48 walikataa, 48 hawakuwa na msimamo, 12 walikubali na hakuna aliyekubali kabisa. Ukitoa alama 1 hadi 5, sentensi zote mbili zinapata wastani wa 2.5. Ukichora pau za wastani, zinalingana kama mapacha. Ilhali kuhusu barafu wauzaji wamegawanyika, asilimia 60 upande mmoja na 30 upande wa pili, na kuhusu ushuru watu wanne kati ya kumi hawakuwa na msimamo.

Chati inayoonyesha hayo ni `100% Stacked Bar`: pau moja kwa kila sentensi, vipande vitano kutoka kukataa kabisa kushoto hadi kukubali kabisa kulia. Jicho litasoma vizuri ncha mbili, kwa kuwa wanaokataa wote wanaanzia ukingo wa kushoto na wanaokubali wote wanaishia ukingo wa kulia. Vipande vya katikati vinaelea na ni vigumu kulinganisha, jambo ambalo si hasara kubwa. Panga sentensi kuanzia iliyokataliwa zaidi.

Rangi ziwe familia mbili: kahawia nzito na hafifu kwa kukataa, buluu hafifu na nzito kwa kukubali, kijivu katikati. Epuka nyekundu na kijani, maana wapo wasiozitofautisha. Na kama hojaji ilikuwa na "Sijui", usiitupe kwenye kijivu pamoja na "Sina msimamo". Itoe kwenye pau, uandike idadi yake kando.

Sentensi zikizidi sita, slaidi inajaa. Unganisha ngazi tano ziwe tatu, au gawa sentensi kwa slaidi mbili kulingana na mada. Kuunganisha si udanganyifu mradi uliandike.

Hatua ya saba: kichwa na usafi

SPSS huandika vichwa kama "Q7 * Market Crosstabulation". Andika badala yake matokeo yenyewe: "Barafu inatumika zaidi Kibuye kuliko Jubilee". Ukishindwa kuandika sentensi ya namna hiyo, pengine jedwali hilo halihitaji slaidi. Tokeo moja, kama "wauzaji 9 kati ya 120 hawahifadhi kabisa", halihitaji chati hata kidogo. Liandike kwa herufi kubwa liishie hapo.

Ondoa mistari ya nyuma, weka nambari juu ya pau, kisha futa mhimili wa nambari maana sasa unarudia kilichoandikwa. Weka `Gap Width` karibu asilimia 50 ili pau zinenepe. Nambari bila desimali: kwa watu 120, asilimia 51.7 inajidai usahihi ambao hojaji haina. Herufi zisipungue ukubwa wa 18. Kumbi nyingi za kuwasilishia zina madirisha bila mapazia, na mchana wa Kisumu unaosha rangi hafifu zote. Ukiweza, ijaribu chati kwenye projekta yenyewe mapema.

Hatua ya nane: kuihamisha chati

Ukinakili chati kutoka Excel na kuibandika PowerPoint kwa njia ya kawaida, mara nyingi inabaki imeunganishwa na faili ya Excel iliyo kwenye kompyuta yako. Ukipeleka slaidi kwa flashi kwenye kompyuta ya ukumbi, chati itaonekana, ila ukitaka kurekebisha nambari dakika ya mwisho itakuambia faili haipatikani. Kwa hivyo wengi huchagua `Keep Source Formatting & Embed Workbook`.

Chaguo hilo lina hatari nyingine. Linabeba faili yote ya Excel ndani ya slaidi, pamoja na karatasi ile yenye majina na nambari za simu za wahojiwa. Mtu akitumiwa slaidi zako, akabonyeza chati na kufungua data, yote yako mbele yake, na hao ni watu ambao Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inawalinda. Tengeneza faili mpya ya Excel yenye majedwali ya mwisho pekee, chora chati humo, ndipo uzibandike. Nakala utakayoisambaza kwenye kundi la WhatsApp la darasa ihifadhi kama PDF.